Jipekue mwenyewe: picha, wasifu na akaunti zako vinavyotaja unakoishi na unakofanya kazi

Mwenzangu mmoja, nesi, alinijia na simu mkononi. Mtu asiyemfahamu alikuwa amemwandikia: "Leo umeingia usiku, eti?" Hakuwahi kuandika popote kwamba anafanya zamu za usiku. Anwani yake hakuwahi kuiweka mtandaoni, na hilo aliliapia. Nilimwamini, na bado jioni ile tuliketi mezani tukajaribu kumtafuta kwa macho ya mgeni, tukitumia yale tu ambayo mtu yeyote angeyaona. Hospitali tuliipata ndani ya dakika kumi. Jengo analokaa tulilifikia kabla saa mbili hazijaisha.

Hakuna kitu kimoja kilichomwanika. Picha yake ya barazani peke yake haikusema lolote, na jina la mwajiri peke yake halikuonyesha nyumba. Shida ilikuwa kwamba vyote viliweza kukusanywa na mtu mmoja kwa sababu vilifungwa kamba moja. Kwa hiyo mwongozo huu haukutaki ufute maisha yako mtandaoni. Unakuonyesha namna ya kuitafuta hiyo kamba, na mahali pa kuikata.

Hatua ya kwanza: vaa macho ya mgeni

Usianze kwa kufungua akaunti zako kama ulivyozoea. Ukiwa umeingia, unaona hata vile ambavyo wengine hawavioni, na unadhani vilivyofichwa viko wazi au vilivyo wazi vimefichwa. Fungua dirisha la faragha la kivinjari, usiingie akaunti yoyote, ndipo utafute. Kwa mitandao isiyoonyesha kitu bila kuingia, muombe mtu unayemwamini ambaye hamjaunganishwa akuazime simu yake kwa nusu saa. Facebook wana kitufe cha `View As` kinachokuonyesha wasifu wako kama unavyoonwa na watu wote. Kinasaidia, ila hakionyeshi yale ambayo wengine wameandika kukuhusu kwenye kurasa zao.

Chukua karatasi, igawe mara mbili. Upande mmoja andika KAZI, mwingine NYUMBANI. Kila unachokiona kiandike pamoja na mahali ulipokikuta. Karatasi hii ni ya kuchana baadaye, usiipige picha.

Hatua ya pili: fuata jina

Chukua jina la mtumiaji unalolipenda, lile ulilolibuni zamani na kuendelea kulitumia kila mahali, ulitafute likiwa ndani ya alama za kunukuu. Kisha tafuta namba yako ya simu kwa namna hiyohiyo, ikiwa na alama ya nchi na bila alama ya nchi. Kisha barua pepe yako. Watu wengi hushtukia hapa, kwa sababu jina la kipekee ni kama alama ya kidole: kadiri linavyokuwa la kuchekesha na la kwako tu, ndivyo linavyokufuata kwa urahisi. Mtu anayejiita kwa jina la kawaida hufichwa na wenzake elfu wenye jina hilo.

Kwa nesi wetu, jina lake la Instagram lilikuwa lilelile alilolitumia kuuza friji miaka sita nyuma kwenye tovuti ya matangazo. Tangazo lilikuwa hai. Lilikuwa na namba yake ya simu na jina la eneo, pamoja na maneno "njoo uione jioni baada ya saa kumi na mbili". Hayo yote alikuwa ameshayasahau.

Halafu ichukue picha yako ya wasifu uitafute kwa picha, kwa Google Lens na kwa TinEye. TinEye hutafuta nakala za picha ileile, hata iliyokatwa au kupunguzwa ukubwa. Ukitumia picha moja kwenye akaunti ya kikazi na akaunti ya siri, umezifunga pamoja hata kama majina ni tofauti kama usiku na mchana. Hili ndilo kosa la watu waangalifu: hubadilisha jina, wakaacha sura.

Mwisho wa hatua hii, tazama kamba ulizozifunga mwenyewe kwa hiari: kiungo cha akaunti nyingine kwenye wasifu, ukurasa mmoja ulioorodhesha akaunti zako zote, chapisho la zamani la "nifuateni na huku pia". Kila kiungo kichore kwenye karatasi kama mstari kati ya akaunti mbili. Mchoro huo utauhitaji tutakapofika kwenye kukata.

Hatua ya tatu: wasifu na mahali pa kazi

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa kazi ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kukipata. LinkedIn ipo kwa ajili hiyo. Swali la maana ni kama mgeni anaweza kutoka kwenye jina la mwajiri hadi mlango unaoingilia na saa unayoingilia. Mwajiri wa mwenzangu alikuwa na matawi matatu. Tawi lake tulilijua kwa picha moja aliyojipiga kazini: nyuma yake palikuwa na ubao wa matangazo wenye jina la idara. Maandishi yalikuwa yamegeuka kama kwenye kioo, kwa vile kamera ya mbele ya simu yake huhifadhi picha hivyo, lakini kuigeuza picha ni kazi ya sekunde mbili.

Zamu nazo? Hakuziandika, lakini alikuwa akichapisha picha ya kikombe cha chai cha saa tisa usiku, wiki moja ndani, wiki moja nje. Ukizipanga tarehe hizo kwenye kalenda unapata ratiba ya zamu. Yule mtu aliyemwandikia huenda hakuhitaji zaidi ya hapo.

Kitambulisho cha kazi kinachoning'inia shingoni kitazame kwa makini. Hata jina likiwa limezibwa, rangi ya kamba na umbo la nembo hutosha kwa anayelinganisha na picha za wafanyakazi wengine. Kama kitambulisho kina msimbo wa mistari au namba, picha hiyo iondoe leo, kwani hapo suala si faragha yako tu, ni mlango wa mwajiri pia.

Hatua ya nne: nyuma ya picha

Hapa ndipo penye kazi. Mtu akipiga picha huangalia uso, na anayemtafuta huangalia kila kitu isipokuwa uso. Mwaka 2019 polisi nchini Japani walimkamata mwanamume aliyekuwa amemvamia msichana mwimbaji karibu na nyumba yake. Alieleza kwamba kituo cha treni alikitambua kwa taswira iliyoakisiwa ndani ya mboni za macho ya msichana kwenye picha, akakilinganisha na picha za mitaa za Google. Tena alichunguza mapazia na jinsi mwanga ulivyoingia dirishani kwenye video zake ili kukadiria chumba chake. Picha za simu za sasa zina ukali wa kutosha kwa mambo hayo.

Zichukue picha ulizopiga nyumbani, zile tu ambazo ziko hadharani, uzipange kwa mahali zilipopigwa na si kwa tarehe. Baraza pamoja, dirisha la sebule pamoja, ngazi pamoja. Utaona jambo ambalo picha mojamoja hailionyeshi: ya kwanza ina nusu ya mnara wa simu, ya pili ina paa la kijani, ya tatu ina ukuta wenye maandishi yaliyokatika. Ukizitandaza pamoja unapata mandhari kamili ya kutoka dirishani kwako.

Kwa mwenzangu, baraza lilionekana kwenye picha kumi na nne za miaka minne. Mnara wa simu wenye rangi nyekundu na nyeupe ulikuwa kushoto, na mbele yake paa refu la bati la kijani. Kwenye picha moja paa hilo lilionekana kutoka juu, na jengo lenyewe lilikuwa la ghorofa moja, kwa hiyo aliyepiga picha yuko juu zaidi ya hapo. Kwenye picha za asubuhi jua lilimpiga usoni akiwa anatazama nje, maana yake baraza linaelekea mashariki. Eneo tulikuwa nalo tayari kutoka kwenye tangazo la friji. Tulifungua picha za setilaiti, tukatafuta paa refu la kijani, tukalipata, kisha tukatazama ni majengo gani yako magharibi yake yenye baraza linalolitazama. Yalikuwa mawili. Moja halikuwa refu vya kutosha.

Sasa fanya ukaguzi wa picha moja hivi. Ikuze hadi ijaze skrini mara tatu, anza pembe ya juu kushoto, zunguka kingo zote, kisha rudi katikati. Soma kila andishi hata kama limekatika: bahasha mezani, chupa ya dawa yenye jina la duka lililoitoa, kalenda ya ukutani iliyotolewa na biashara ya jirani, sare ya shule ya mtoto. Sare ni mbaya kuliko zote, kwa sababu inataja mahali, na mtoto huwa pale kila siku kwa saa zilezile. Baada ya maandishi, tafuta vinavyong'aa: kioo, miwani, televisheni iliyozimwa, birika la chuma, gari lililooshwa. Mwisho tazama kila kinachoonekana kupitia dirishani.

Picha ya skrini ya simu nayo ni picha. Juu huwa na jina la mtandao wa simu, pembeni hali ya hewa ikitaja mji, na mara nyingine orodha ya waifai zilizo karibu. Jina la waifai watu hulidharau. Kuna tovuti iitwayo WiGLE, ambayo tangu mwaka 2001 hukusanya majina ya waifai pamoja na mahali yalipoonekana. Ukiwa umeipa waifai yako jina la kipekee, na jina hilo likawa limekusanywa, linaweza kutafutwa likatoa nukta kwenye ramani. Lipe jina la kawaida kabisa. Kama unataka pia isikusanywe na huduma za mahali za Google, malizia jina hilo kwa `_nomap`.

Tiba ya picha zijazo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Geuka. Badala ya kukaa mgongo ukiwa dirishani, kaa uso ukiwa dirishani, ili nyuma yako pabaki ukuta mtupu. Mwanga utakuwa mzuri zaidi usoni, na mtaa hautaonekana. Baki na tahadhari moja tu, ya miwani.

Ukitaka kuziba kitu, kizibe kwa rangi nzito isiyopitisha mwanga. Kutia ukungu juu ya namba au maandishi hakutoshi, kwani tarakimu zilizotiwa ukungu mwepesi huweza kukisiwa. Kalamu ya kupigia mstari ndani ya simu ni mbaya zaidi: kwa macho inaonekana imefunika, lakini mtu akiongeza mwanga wa picha maandishi hurudi. Hata kukata picha si salama moja kwa moja. Mwaka 2023 iligundulika kwamba programu ya kuhariri picha ya simu za Google Pixel ilikuwa ikiacha sehemu zilizokatwa ndani ya faili, na zingeweza kurudishwa. Kasoro ilizibwa Machi mwaka huo, lakini picha zilizokatwa kabla ya hapo na kutumwa zilibaki na kasoro yake.

Hatua ya tano: kilichofichwa ndani ya faili

Hofu ya wengi iko hapa, kumbe ni sehemu ndogo. Simu ikiruhusiwa, huandika ndani ya kila picha alama za GPS za mahali ilipopigwa. Desemba 2012, John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi vya kompyuta, alikuwa akijificha baada ya kutoroka Belize, na jarida moja likachapisha picha yake bila kusafisha faili. Alama zilizokuwamo zilionyesha yuko Guatemala.

Instagram, Facebook na X huziondoa alama hizo kwenye picha wanazowaonyesha watu, na WhatsApp huziondoa ukituma kama picha ya kawaida. Lakini ukituma picha ileile WhatsApp kama `Document`, au kwa barua pepe, au ukiweka kiungo cha Google Drive, faili huenda jinsi ilivyo. Wauzaji wa vitu hunaswa hapa: mteja anaomba "picha safi zaidi", nao wanatuma faili zima.

Kwenye iPhone, ukibonyeza kushiriki picha, gusa `Options` juu na uzime `Location`. Kwenye simu nyingine ingia mipangilio ya kamera uzime uhifadhi wa mahali. Jina la kitufe hutofautiana kwa kila mtengenezaji. Kwenye kompyuta, programu ya bure ya ExifTool hukuonyesha kilichomo na kukifuta:

```
exiftool -gps:all picha.jpg
exiftool -all= picha.jpg
```

Amri ya kwanza ikinyamaza bila kutoa mistari, hakuna alama za mahali. Ya pili hufuta taarifa zote, na huacha nakala ya awali kwa jina `picha.jpg_original`. Usije ukatuma hiyo kwa bahati mbaya. Usishangae pia picha ikilala ubavu baada ya kusafishwa, kwa kuwa maelezo ya upande wa juu nayo yamefutwa.

Hatua ya sita: mahali usipopaita mtandao wa kijamii

Maoni ya Google Maps humkamata hata mtu asiye na Instagram. Ukibonyeza jina la aliyeandika maoni, unaona maoni yake yote yakiwa kwenye ramani. Mwenzangu alikuwa na maoni kumi na moja. Saba yalikuwa yamejikusanya kama kuku kwenye mtama: saluni, fundi viatu, duka la dawa, kliniki ya watoto. Mtu haendi mbali kutengeneza kiatu, kwa hiyo katikati ya mkusanyiko huo ndiko aliko. Kwenye mipangilio ya Maps kuna `Restricted profile`, nayo huwafungia watu wasiokufuatilia hizo taarifa. Yale yanayohusu watoto na tiba afadhali uyafute kabisa.

Programu za kurekodi mbio hufanya vilevile kwa njia ya mistari. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia alionyesha jinsi ramani ya pamoja ya Strava ilivyochora njia za askari ndani ya kambi za kijeshi, kwa sababu walikuwa wakikimbia na saa zao. Wewe huna kambi, una mlango unaotokea kila asubuhi. Strava hukuruhusu kuficha mwanzo na mwisho wa njia hadi umbali wa kilomita 1.6, chini ya `Map Visibility`. Lakini angalia: sehemu inayofichwa ni duara, na duara hilo likiwa na nyumba katikati, na ukakimbia pande nyingi, ncha zilizokatwa za njia zako huanza kulichora duara lenyewe. Mimi ningeficha ramani nzima. Kama unataka watu waone unavyokimbia, anza kurekodi ukiwa umeshafika barabara kubwa, kila siku mahali tofauti.

Hatua ya saba: kukata kamba

Rudi kwenye ule mchoro wa mistari. Usianze na kufuta picha mia tano; utachoka jioni ya kwanza. Tafuta mstari ambao ukiukata, vipande vingi vinaachana.

Kwa nesi mstari huo ulikuwa jina la mtumiaji. Tulilifuta tangazo la friji kwanza. Kisha alibadilisha jina na picha ya wasifu ya Instagram siku ileile. Vyote viwili lazima viende pamoja, kwani ukibadilisha kimoja, kingine kinakurudisha. Akaunti ya kikazi iliendelea na jina lake halisi na sura yake, haikutaja akaunti nyingine yoyote, na eneo tukaliandika kwa mkoa badala ya mji. Namba ya simu ikafuata. Kwenye Facebook swali la nani anaweza kukutafuta kwa namba ya simu tuliliweka `Only me`. Kwenye WhatsApp picha ya wasifu ikawa ya watu waliomo kwenye orodha yake tu. Machapisho ya zamani ya Facebook yaliyokuwa wazi tuliyafunga yote kwa pamoja kwa `Limit Past Posts`.

Picha za baraza zilihitaji kuondolewa zote kumi na nne, kwa sababu hata mbili zilitosha. Matokeo ya Google hayakuondoka papo hapo. Ukurasa uliofutwa huendelea kuonekana kwenye utafutaji kwa siku kadhaa au wiki. Kuna fomu ya Google iitwayo `Refresh Outdated Content`, ambamo unaweka anwani ya ukurasa uliokufa ili uondolewe haraka. Kilichokwisha kupigwa picha ya skrini na mtu mwingine hakiondoleki.

Kuna jambo lililonishinda kulitibu kwa kubonyeza, nalo ni ndugu na marafiki. Unaweza kufunga akaunti yako yote, kisha dada yako aandike "karibuni kwa dada, nyumba mpya!" akiwa ameweka eneo na kukutaja. Washa ukaguzi wa kutajwa kabla chapisho halijaonekana kwenye wasifu wako, lakini jua kwamba unazuia tu lisionekane kwako, kwake linabaki. Orodha ya marafiki ifiche pia, maana ndiyo njia ya kumfikia dada. Baada ya hapo ni mazungumzo ya uso kwa uso. Mwenzangu alimpigia dada yake, wakabishana kidogo, na chapisho likaondoka.

Baada ya wiki tatu tulirudia utafutaji uleule, tukampa mtu wa tatu simu na karatasi tupu. Upande wa KAZI alijaza hospitali na cheo, hakujua tawi. Upande wa NYUMBANI aliandika jina la mkoa na alama ya kuuliza. Kikombe cha chai cha saa tisa usiku bado kipo. Nesi alikataa kukiacha. Ila sasa hukichapisha mchana, siku tatu nne baadaye, na si kila mara.